Uzi wa sufu unakatika, unavimba, unajikunja: tafuta kosa kwenye pia ya mkono

Hii naandika kwa wale ambao wameshajua kuanza, yaani una pia yako ya kusokotea, ile ya kijiti kilichopita katikati ya kisahani na kulabu juu, una sufu iliyochanwa, na uzi unatoka lakini unatoka vile unavyotaka wenyewe. Mahali pamoja uko kama waya, mbele kidogo uko kama mnyoo ulioshiba, alafu ghafla paa, pia iko sakafuni na imeviringika hadi chini ya kiti. Watu wengi hapo huanza kulaumu pia, wanaenda kutafuta nyingine, na shida inawafuata kwenye hiyo mpya.

Kabla ya dalili tuelewane vitu viwili vitatu. Sufu ninayoizungumzia ni ya kondoo wa Koridali, kwa sababu ndiyo rahisi kupata huku juu, Nyandarua, Molo, Laikipia, na shungi lake, yaani kile kifungu cha manyoya kama kinavyoota kwenye kondoo, lina urefu wa kama sentimita 10 hivi, saizi nzuri kwa mkono unaojifunza. Kama kondoo ulionao ni wale wekundu wa Kimaasai, au wenye kichwa cheusi, usijisumbue, hao wana nywele, hawana sufu ya kusokotwa, na hakuna ushauri hapa chini utakaokusaidia. Pia yangu ya kufundishia ni CD mbili kuukuu zilizobanwa kwenye kijiti cha mbao, tundu nimelijaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka ikakaza, na juu kuna ile kulabu ndogo ya kutundikia vikombe ya kutoka hadwea. Ukiipima yote inakuja kama gramu 45. Naizungusha kufuata saa ukiitazama kutoka juu. Wewe ukizungusha kinyume ni sawa tu, bora usibadilishe katikati ya kazi.

Uzi unakatika na pia inaanguka

Usiunganishe kwanza! Hilo ndilo kosa la kila mtu, uzi ukikatika mikono inakimbilia kuunganisha, na ushahidi wote unapotea. Shika ncha mbili zilizoachana uzitazame kwenye mwanga, ikiwezekana juu ya nguo nyeusi.

Ukiona ncha ndefu, laini, imechongoka kama brashi ya rangi, manyoya yote mazima na hayajavunjika, basi uzi wako haujakatika, umeteleza. Manyoya ya sufu kwenye uzi hayajafungwa na kitu chochote, yanashikana tu kwa sababu msokoto unayabana yakwaruzane. Msokoto ukipungua yanaachiana polepole, na ukiwa makini utakuwa umeona hiyo sehemu ikirefuka na kupauka sekunde moja kabla haijaachia. Hapo tatizo ni msokoto kidogo, dawa ni kuongeza mizunguko kabla ya kuachia pia ining'inie, au kuvuta sufu taratibu zaidi ili pia ipate muda wa kufanya kazi yake.

Ukiona ncha fupi, kavu, zimejikunja, na uzi wenyewe karibu na hapo ni mgumu ukiupapasa na ukiulegeza kidogo tu unajiviringa vinundu vinundu, hiyo ni kinyume chake. Msokoto umezidi hadi manyoya yamevutwa kupita uwezo wake yakakatika. Ukiongeza mizunguko hapo unaharibu zaidi. Na cha kuchanganya ni kwamba mtu akiona uzi umekatika anadhani haukusokotwa vya kutosha, basi anazungusha kwa nguvu, unakatika tena, anazungusha kwa nguvu zaidi, mpaka anachoka na kuweka kila kitu kwenye mfuko juu ya kabati.

Kuna ya tatu ambayo si kosa la mkono wako kabisa. Ncha ni fupi, manyoya yamevunjika, lakini uzi wenyewe si mgumu wala haujikunji. Hapo nenda kwenye sufu. Chomoa shungi jembamba kama penseli kutoka kwenye sufu ambayo haijachanwa, lishike ncha zote mbili, lisogeze karibu na sikio, ulivute ghafla mara mbili tatu. Sufu nzuri inalia mlio mmoja safi, kama kamba ya gitaa iliyoguswa. Sufu mbovu inafanya karakara, kama karatasi, na mara nyingine linakatika kabisa na yote yanakatikia mahali pamoja. Hiyo maana yake kondoo aliumwa, au alikosa chakula, au alizaa kwenye hali ngumu, na unyoya uliokuwa unaota wakati huo ukawa mwembamba pale pale. Mwaka wa kiangazi hizi zinakuwa nyingi sana. Ukichana sufu ya namna hiyo inavunjika vipande viwili vifupi na utambi wako, yaani ile sufu iliyochanwa unayoivuta, unajaa vijinundu. Usilazimishe uzi mwembamba hapo, sokota nene au tumia kujazia mito.

Dalili hizi tatu nazirudia kwa mtu yeyote anayeniuliza swali la uzi kukatika, na jibu la kwanza ni moja, nitumie picha ya ncha. Bila ncha tunabahatisha.

Nene, nyembamba, nene, nyembamba

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tukae kidogo.

Msokoto haugawanyiki sawasawa wenyewe. Unakimbilia mahali pembamba, kwa sababu pembamba pana manyoya machache na ni rahisi kupasokota, na panene panagoma. Sasa fikiria uzi wako una sehemu nene ya urefu wa kidole na pembeni yake kuna sehemu nyembamba. Wewe unaona ile nene imelegea, imevimba, unasema ngoja niongeze mizunguko ikaze. Mizunguko yote inaenda kwenye ile nyembamba! Nene inabaki vilevile imevimba, nyembamba inakuwa waya, alafu inakatika kwa ile njia ya pili niliyosema juu. Ndiyo maana nasema hakuna msokoto sawa kwenye uzi usio sawa, ukitaka kurekebisha msokoto rekebisha unene kwanza.

Na kwa nini unene unayumba? Mara nyingi ni umbali wa mikono. Mkono mmoja umeshika utambi wa sufu, wa pili umebana uzi pale unapoanzia, na katikati yao kuna kile kipembe cha manyoya yaliyofunguka ambayo bado hayajasokotwa. Shungi lako likiwa sentimita 10, mikono ikikaribiana sentimita 5 basi unyoya uleule umeshikwa na mikono yote miwili, hauendi popote, unavuta mpaka vidole vinauma, mara unatoka kwa mkupuo mmoja fungu zima. Hiyo ndiyo nene yako. Mikono ikiachana sana, sentimita 20, katikati hakuna unyoya unaofika pande zote mbili, kwa hiyo panakonda. Hiyo ndiyo nyembamba yako. Weka umbali kama urefu wa shungi, na kila ukivuta usivute zaidi ya nusu ya shungi, yaani sentimita 4 au 5, alafu telezesha vidole kurudi nyuma, vuta tena kiasi kilekile. Kidogo kidogo hivyo. Inaonekana inachelewesha lakini mkono ukishazoea inaenda haraka tu.

Sababu ya pili ni msokoto kupenya vidole. Vidole vinavyobana ni kama geti, chini yake uzi umesokotwa, juu yake manyoya yamefunguka. Ukilegeza kidogo wakati pia inazunguka, msokoto unapanda hadi ndani ya utambi, na sufu iliyosokotwa haivutiki. Utajua kwa sababu utambi unaanza kukaza kwenye kiganja na ukivuta unasikia mbao. Usipambane nao. Simamisha pia, ibane katikati ya magoti, bana uzi chini ya hapo palipokaza, na kwa mkono wa juu zungusha utambi kinyume na msokoto mpaka uone manyoya yamefunguka, ndio uvute.

Na kusimamisha pia hivyo ndiyo njia ninayowaambia wanaoanza waitumie kwa kila kipande, sio kwa dharura peke yake. Zungusha pia ukiwa umebana uzi, acha msokoto ujae kwenye kile kipande kifupi kilichoko chini ya vidole, alafu weka pia katikati ya magoti isirudi nyuma. Sasa mikono yote miwili iko huru. Vuta sufu kwa saizi unayotaka, itazame, kama imetoka nene irekebishe, ukiridhika ndio uachie msokoto upande juu. Ukiona kipande kipya kimebaki legelege zungusha tena. Watu wanaona aibu kusokota hivi, wanasema pia ni ya kuning'inia na kuzunguka hewani. Haidhuru, uzi haujui ulisokotwa vipi.

Panene palipokwisha kusokotwa panarekebishika pia yako ikiwa imesimama. Shika upande huu na upande ule wa uvimbe, mikono ikiachana kupita urefu wa shungi kidogo, kwa sababu mikono ikiwa karibu zaidi tumeshasema haitatoka. Zungusha vidole vya mkono mmoja kinyume na msokoto mara chache mpaka uvimbe ufunguke, vuta polepole uone unakonda, achia msokoto urudi. Ni mchezo mzuri kwa sababu uvimbe ndio wenye msokoto mdogo kwa hiyo ukivuta ndio unaolegea kwanza, pale pembamba pamejifunga hapasogei. Yaani ile tabia ya msokoto iliyokuwa inakuudhi sasa inakusaidia. Pembamba, kwa upande wake, haparekebishiki namna hiyo, huwezi kurudisha manyoya. Kata, unganisha.

Maungio yanaachia

Fupi hii. Ukiunganisha kwa kulaza ncha ngumu iliyosokotwa juu ya utambi, inashika kwa muda na kuachia baadaye kwenye sindano za kufuma, ambapo ni hasara zaidi. Fungua msokoto wa ncha ya uzi mpaka ibaki manyoya kama sentimita 8 au 10, chomoa manyoya machache kutoka kwenye utambi yawe membamba kama hayo, yalaze pamoja urefu wote huo, achia msokoto upite polepole huku umeyabana. Ukiona ungio limekuwa nene mara mbili ya uzi, hukupunguza manyoya kabla ya kulaza. Na usiache ncha ya uzi ikiwa ya mkato wa makasi, manyoya yamekatwa fupi hapo hayashiki.

Pia inarudi nyuma bila wewe kuona

Macho yako yako kwenye sufu, pia inaning'inia, inapunguza mwendo, inasimama, na baada ya hapo inaanza kuzunguka kurudi, kwa sababu uzi uliosokotwa unataka kujifungua. Kila mzunguko wa kurudi ni mzunguko ulioupoteza, na ukichelewa sana uzi unateleza wote na pia inaanguka. Ncha zitakuwa zile za brashi. Ukiona unapata brashi nyingi na unaapa kwamba umezungusha vya kutosha, basi huenda ulizungusha vya kutosha alafu vikarudi.

Chora alama ya rangi pembeni mwa kisahani, hata rangi ya kucha inatosha. Alama ikipita inaonekana kama mstari, ikianza kuonekana kama nukta ujue imebaki kidogo isimame, zungusha tena au ibane magotini. CD zina faida hapa kwamba ni pana, sentimita 12, uzito uko mbali na kijiti, kwa hiyo zinazunguka kwa muda mrefu ingawa si kwa kasi. Kisahani kidogo cha mbao kinazunguka kasi lakini kinasimama mapema. Kwa uzi mnene usiohitaji msokoto mwingi kipana ni kizuri, kwa uzi mwembamba chukua kidogo chenye kasi. Na uzito nao una kikomo, uzi mwembamba hauwezi kubeba gramu 45, utateleza kabla msokoto haujafika, hapo tafuta pia ya gramu 20 au 25.

Kama pia inayumba na kutikisa mkono wako, angalia ncha ya kulabu kama iko katikati ya kijiti kabisa, alafu angalia kisahani kama kimelala upande. Kulabu ipinde taratibu kwa koleo, zungusha, tazama, pinda tena. Uzi uliozungushiwa upande mmoja kwa wingi nao unayumbisha, kwa hiyo uzungushie kijiti kwa umbo la pembe, pana karibu na kisahani, nyembamba kuelekea upande wa pili.

Mwanzo ulikuwa mzuri, mwisho umeharibika

Hii naieleza kwa mfano wa jirani yangu, yeye alikuja na pia imejaa akilalamika kwamba sufu aliyouziwa imechanganywa, juu nzuri chini mbaya. Alikuwa na CD zake mbili kama zangu, sufu ileile ya Koridali, na alisokota vizuri mpaka pia ikakaribia kujaa, kuanzia hapo ikawa kukatika tu, kila mita moja au mbili.

Kwanza ncha. Zote brashi, ndefu, manyoya mazima. Kwa hiyo ni kuteleza, msokoto kidogo. Sufu tukaivuta sikioni, ikalia safi, kwa hiyo ya kuchanganywa ikatoka. Kisha nikamwambia achukue uzi aliosokota muda huohuo, kama sentimita 30, aukunje katikati, aachie ujisokote wenyewe. Ulijisokota kwa ulegevu, mizunguko imeachana, unaona mwanga katikati. Tukafungua hadi uzi wa mwanzo ulioko ndani kabisa, tukakata kipande saizi hiyohiyo, tukakilowesha kwa maji, tukakikunja. Huo ulijisokota ukabana vizuri. Kumbe ni uzi mbili tofauti kwenye pia moja.

Tukapima pia na uzi wake, gramu 72. Yaani amebeba gramu 27 za uzi juu ya gramu 45. Hapo mambo mawili yanatokea pamoja. Moja, uzi mpya unaotengenezwa unabeba mzigo mkubwa kuliko uzi wa mwanzo, kwa hiyo unahitaji kuwa umejifunga zaidi ndio usiteleze. Mbili, pia nzito ukiizungusha kwa vidole vilevile, kwa nguvu ileile, inazunguka polepole, na yeye mkono wake ulishazoea kuvuta kwa mwendo wa mwanzo. Mvuto uleule, mizunguko michache, mzigo mkubwa. Hakukuwa na kitu kingine.

Dawa yake ilikuwa kuzungusha mara mbili kwa kila kipande badala ya mara moja pia ikishafika nusu, na kuutoa uzi mapema, kwenye gramu 20 hivi, asingoje ijae. Akaongeza na kitu kingine ambacho mimi naona ni cha lazima kwa kila mtu, ile kadi. Kata kipande cha boksi, sokota uzi unaoupenda, chukua sentimita 30 ukiwa fresh, ukunje, acha ujisokote, ufunge kwenye boksi, weka karibu. Kila baada ya mita kadhaa chukua uzi unaotoka, ulegeze ujisokote palepale bila kuukata, ulinganishe na wa kwenye boksi, unene na mbano wa msokoto. Ukiona umelegea ongeza, ukiona umebana punguza. Macho yanadanganya, yanazoea mabadiliko kidogo kidogo, lakini boksi halibadiliki.

Ila linganisha fresh na fresh. Uzi uliolala kwenye pia usiku mzima unatulia, ukiulegeza haujikunji, utadhani hauna msokoto wakati upo wote ndani. Ukitaka kujua ukweli lowesha, maji yanauamsha. Ndiyo maana kile kipande cha ndani tulikilowesha kwanza.

Kiasi gani ni kingi?

Swali hili halina namba moja, linategemea unene. Uzi wa unene wa milimita 1 ukiwa na mzunguko mmoja hivi kwa kila sentimita unakaa vizuri kwa kufuma sweta. Ukiukondesha ukawa nusu milimita, mizunguko inabidi iwe mara mbili, kama 2 kwa sentimita, ndipo ule mstari wa mlalo unaouona juu ya uzi ubaki na pembe ileile. Kwa hiyo badala ya kuhesabu, tazama pembe ya manyoya yanavyopita juu ya uzi. Pembe ikiwa ileile kutoka huku hadi kule, msokoto wako uko sawa hata kama unene umecheza kidogo.

Na msokoto mwingi si kosa kila mara. Wasokotaji wa Andes, kule Peru na Bolivia, wanasokota kwa pia wakitembea njiani na uzi wao unabana haswa, kwa sababu unaenda kwenye mtande wa kufumia vitambaa, unavutwa na kusuguliwa siku nzima. Uzi wa namna hiyo ukiutia kwenye kofia ya mtoto utamkuna. Amua kwanza ni wa nini.

Uzi unajikunja ukiutoa kwenye pia

Uzi mmoja uliotoka sasa hivi, ambao bado haujaunganishwa na mwenzake, LAZIMA ujikunje, usiogope, usianze kuupunguzia msokoto kwa kuufungua. Swali ni unajikunja kiasi gani. Ukijikunja ukiulegeza na kunyooka ukiuvuta kidogo, uko sawa. Ukiwa na vinundu ambavyo havifunguki hata ukivuta, umezidi. Hapo mahali padogo papunguzie hivi: fungua kipande hicho kutoka kwenye pia, kirudishe kwenye kulabu, kibane kwa juu, acha pia ining'inie izunguke yenyewe kinyume mpaka itulie, alafu endelea.

Kinachomaliza kujikunja ni kuunganisha nyuzi mbili kwa kuzisokota pamoja, na huo msokoto wa pili unaenda KINYUME na wa kwanza. Ulisokota kufuata saa, sasa zungusha kinyume cha saa. Ukikosea mwelekeo utaona nyuzi zinazidi kuwa ngumu na kupanda juu ya mwenzake badala ya kulala pamoja, simama hapohapo. Kiasi ni kama theluthi mbili ya mizunguko ya mwanzo, na ile kadi yako tayari imekuonyesha, uzi ukijisokota wenyewe vile ndivyo unavyotaka kuwa. Kama moja ya nyuzi imenyooka na ya pili inaizunguka kama mzabibu kwenye mti, tatizo si msokoto, ni mkono, umeshika moja kwa nguvu kuliko nyingine. Pitisha kila moja katikati ya vidole tofauti zivutwe sawa.

Ukimaliza, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa nyuzi za pamba bila kukaza, uutoe. Loweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, dakika 20, usiusugue, usiuhamishe kutoka moto kwenda baridi ghafla maana utagandamana kama blanketi. Kamua ndani ya taulo, ning'iniza bila kuweka uzito. Ukining'iniza na chupa ya maji chini ili unyooke, utanyooka kweli, na siku utakapofua sweta utakunjika wote upya, sweta limelala upande mmoja na huwezi tena kulifanya kitu. Ukikauka, fungu hilo la uzi likining'inia wazi bila kujizungusha uko sawa. Likijizungusha mara moja au mbili halina neno kwa kufuma. Likijizungusha zaidi ya hapo angalia linazunguka kuelekea wapi. Kama ni upande wa msokoto wa kuunganisha, uliunganisha kidogo, lirudishe kwenye pia ulipitishe tena kinyume cha saa. Kama ni upande wa msokoto wa kwanza, uliunganisha kupita kiasi, lipitishe kufuata saa, kidogo tu, alafu loweka tena uone.